Mmumunyo, Kijiko na Maji Safi: Kuhusu Tafsiri ya Maagizo ya Klorini Katika Eneo la Kirotshe

Makala haya yanachunguza jambo dogo katika historia ya Kiswahili cha mashariki ya Kongo, nalo ni namna maagizo ya kazi yaliyoandikwa kwa Kiingereza yanavyofikishwa kwa Kiswahili kwa wafanyakazi wanaosafisha maji kwa klorini wakati wa kipindupindu. Eneo tunaloliangalia ni Kirotshe, eneo la afya lililoko katika wilaya ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, kando ya Ziwa Kivu, kwenye barabara itokayo Goma kupitia Sake kuelekea Minova. Wenyeji wa pande hizi huzungumza Kihunde, Kinyarwanda, Kitembo na lugha nyingine, lakini watu wa lugha mbalimbali wanapokutana kazini lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Shuleni na katika vyuo vya wauguzi, hata hivyo, walifundishwa kwa Kifaransa. Mtafsiri wa Kirotshe kwa hiyo hana lugha mbili mbele yake bali tatu. Anasoma Kiingereza, anaandika Kiswahili, na wenzake watakaoisoma kazi yake wanaifikiria sayansi kwa Kifaransa.

Hali hii ina mizizi ya zamani. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kuusimamia usanifishaji huo katika Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Kiswahili kilichokuwa kimefika huku pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19 kiliendelea kukua kwa njia yake, kikikopa kwa Kifaransa pale ambapo ndugu zake wa pwani walikopa kwa Kiingereza. Baadaye, Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ikatoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi hiyo ni hazina ambayo mwanaisimu hawezi kuipuuza. Lakini muuguzi wa Kirotshe hakufunzwa nayo. Kwake yeye dawa ile ya maji ni klore, ugonjwa ni kolera, na mtu anayetibu hospitalini ni munganga, ingawa msomaji wa Dar es Salaam akisikia neno mganga anaweza kumfikiria mtu wa mizizi na hirizi.

Kipindupindu kimekuwako katika eneo la maziwa ya mashariki ya Kongo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Hata hivyo, mwaka uliojaza maagizo ya Kiingereza katika sehemu hizi ni 1994. Kati ya tarehe 14 na 18 Julai mwaka huo, Wanyarwanda wapatao kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka na kuingia Goma na viunga vyake. Kipindupindu kilithibitishwa siku chache tu baadaye, na wachunguzi wa magonjwa walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Kambi za Kibumba, Katale na Mugunga zilijengwa juu ya mawe ya volkano, ambako kuchimba choo ni kazi ngumu na maji ni ya kuletwa. Mashirika kutoka pande zote za dunia yaliingia kwa wakati mmoja, na mengi yao yalikuja na miongozo yake kwa Kiingereza. Tangu hapo mtiririko huo haukukatika. Ulipozuka ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukaleta karatasi zake. Kipindupindu cha mwaka 2023, ambapo Kongo nzima ilihesabu wagonjwa walioshukiwa zaidi ya 50,000, wengi wao katika Kivu ya Kaskazini ambako vita vilikuwa vimewahamisha watu kwa malaki, kikaleta zake.

Tuchukue sasa agizo moja la kawaida na kulifuata hatua kwa hatua. Maudhui yake, tukiyaeleza kwa Kiswahili chepesi, ni haya: chukua unga wa HTH wenye klorini asilimia 70, weka kijiko kimoja cha supu kilichosawazishwa, yaani gramu 15, katika lita moja ya maji ili upate mmumunyo wa asilimia 1, kisha tia kiasi fulani cha mmumunyo huo katika ndoo ya lita 20, ngoja dakika 30, na upime klorini iliyobaki. Agizo lenyewe ni sentensi nne au tano tu. Ugumu wake umejificha katika maneno ambayo Mwingereza huyaona mepesi kabisa.

La kwanza ni lile linalotaja kitu kilichoyeyushwa ndani ya maji. Kwa Kiingereza, na kwa Kifaransa pia, neno hilohilo lina maana ya ufumbuzi wa tatizo. Mtafsiri anayefanya haraka huandika suluhisho, na matini ya namna hiyo imeonekana mara nyingi mno: suluhisho la klorini asilimia 1. Msomaji wa Kiswahili hapo anadhani anaahidiwa kwamba klorini itamaliza matatizo yake kwa asilimia moja. Vitabu vya kemia vya Tanzania vina mmumunyo au myeyusho, na istilahi zote mbili zimeundwa vizuri kwa kanuni za Kibantu kutokana na vitenzi kumumunya na kuyeyuka. Kwa maoni yangu myeyusho unafaa zaidi Kirotshe, kwa sababu kitenzi chake kinajulikana huku na kila anayeweka chumvi mchuzini. Kumumunya kwa wengi ni kunyonya peremende mdomoni. Lakini kipo kitu kilicho bora kuliko hizo zote mbili pale kazini, nacho ni jina ambalo wafanyakazi wenyewe wanalo: maji ya klore. Mtafsiri mwenye busara huandika myeyusho mara moja mwanzoni, akaeleza kwamba ndiyo maji ya klore, kisha akaendelea na moja kati ya majina hayo mpaka mwisho wa karatasi bila kubadilisha. Mtindo wa shuleni wa kuepuka kurudia neno, unaosifiwa katika insha, ni hatari kubwa katika maagizo ya kazi. Anayesoma myeyusho mstari wa 3 na mmumunyo mstari wa 7 ana haki ya kufikiri kwamba ni vitu viwili.

Myeyusho huu wa kwanza wa asilimia 1, ambao hautumiwi wenyewe bali huzaa mingine, Waingereza huuita kwa neno lenye maana ya akiba au bidhaa za ghalani. Ukitafsiriwa kuwa myeyusho wa akiba, mfanyakazi ataelewa kwamba ni wa kuwekwa siku nyingi, na hilo ni kosa, kwa maana klorini iliyoyeyushwa hupoteza nguvu yake kwa joto na mwanga na inapasa kutengenezwa upya walau kila juma. Hapa Kifaransa kinatusaidia, kwani chenyewe huuita myeyusho mama. Mama ndiye anayezaa, na hakuna haja ya maelezo zaidi kwa Mswahili. Wenzetu wa Kirotshe waliosoma kwa Kifaransa wanaipokea istilahi hii mara moja, na sioni kwa nini tuiache eti kwa sababu haikutoka katika matini chanzi.

Linalofuata ni gumu zaidi, kwa sababu halionekani. Katika maagizo ya Kiingereza neno klorini lina kazi mbili. Wakati mwingine ni ule unga mweupe ulio katika ndoo; wakati mwingine ni klorini yenyewe iliyomo ndani ya unga huo, ambayo katika HTH ni sehemu 70 tu kati ya 100. Myeyusho wa asilimia 1 una gramu 10 za klorini katika lita moja. Ili kuzipata gramu hizo 10 lazima upime unga gramu 15, au gramu 14 na kidogo ukiwa na mizani ya duka la dawa. Sasa tuseme karatasi ya Kiswahili imeandika tu kwamba myeyusho mama una klorini gramu 10 kwa lita, na mfanyakazi mwenye bidii akapima gramu 10 za unga. Amepata gramu 7 za klorini, yaani asilimia 0.7 badala ya 1.

Tufuate matokeo yake hadi kwenye ndoo. Tuchukulie kwamba maji ya mahali fulani yanakula miligramu 2 za klorini kwa lita, kwa sababu ya uchafu uliomo, na kwamba jaribio limeonyesha kuwa mililita 5 za myeyusho mama zinatosha kwa ndoo ya lita 20. Myeyusho ulio sahihi unaleta miligramu 50 katika ndoo, yaani 2.5 kwa lita. Maji yanakula 2, na baada ya dakika 30 inabaki 0.5, ambayo ndiyo kinga ya maji njiani na nyumbani. Myeyusho hafifu unaleta miligramu 35 tu, yaani 1.75 kwa lita. Maji yanaimaliza yote. Anapotia kidonge cha DPD katika kichupa cha kupimia, maji ambayo yangegeuka rangi ya waridi yanabaki kama yalivyokuwa. Naye hatailaumu karatasi. Atasema maji ya leo ni machafu kuliko ya jana, au unga umezeeka, na huenda akawa na sababu ya kusema hivyo, maana HTH iliyofunguliwa na kupata unyevu hupungua nguvu kweli. Kosa la tafsiri linajificha nyuma ya sababu nyingine zinazowezekana.

Tiba yake ni kuyatenganisha mambo mawili kwa maneno mawili. Kinachoingia kijikoni kiitwe unga sikuzote, na tarakimu ya asilimia iitwe nguvu: unga gramu 15, maji ya klore yenye nguvu ya asilimia 1. Neno klorini peke yake lisisimame popote karibu na kipimo. Mwanakemia huenda akalalamika kwamba nguvu ni istilahi ya fizikia. Na alalamike.

Kuhusu kijiko, Kiingereza hukiita kwa jina la meza, na zimeonekana karatasi zenye kijiko cha mezani, kana kwamba kuna kingine cha kabatini. Kongo kila mtu anajua kijiko cha supu na kijiko cha chai, na tofauti yao ni mara tatu. Neno linaloeleza kwamba unga usizidi ukingo wa kijiko ndilo linalotatiza, maana kamusi itatoa kiwango, na kijiko cha kiwango hakimwambii mtu kitu. Afadhali kusema: jaza kijiko, kisha pitisha kisu juu yake ili kilima kianguke. Ni maneno mengi badala ya moja, lakini kijiko chenye kilima huweza kukaribia mara mbili ya kilichosawazishwa.

Napenda kukaa kidogo kwenye kitenzi, kwa sababu hapa sarufi ya Kiswahili yenyewe inaingia katika usalama wa kazi. Unga wa HTH ni lazima uwekwe ndani ya maji. Kumwaga maji kidogo juu ya unga mwingi kunaweza kuleta joto kali, kurusha matone na kutoa hewa yenye kuchoma macho na mapafu. Kiingereza hutofautisha mambo haya kwa kihusishi na kwa mpangilio. Kiswahili kina kitenzi tia, ambacho kinaweza kubeba yambwa mbili bila kihusishi chochote. Tunasema tia chai sukari, na tunasikia pia tia sukari chai, wala hakuna anayekosea, kwa kuwa kila mtu anajua kipi huingia ndani ya kipi. Ujuzi wa maisha ndio unaoondoa utata, si sarufi. Lakini agizo likisema tia maji klorini, mgeni wa kazi hana ujuzi wa kumsaidia. Anaweza kuelewa kwamba maji yapewe klorini, au kwamba maji yatiwe juu ya klorini. Kitenzi ongezea kina utata huohuo. Hali ya kutendwa husaidia kiasi, kwa maana maji yatiwe unga na unga utiwe maji ni sentensi mbili zenye maana mbili, lakini tofauti hiyo imesimama juu ya kiambishi kimoja cha ngeli, nacho katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ambamo upatanisho wa ngeli umelegea, hakiwezi kutwishwa mzigo wa namna hiyo. Njia iliyo salama ni kutumia maneno ya mahali na kutaja mpangilio wa wakati: kwanza weka maji katika ndoo, halafu mimina unga ndani ya maji. Kisha katazo lisimame peke yake katika sentensi yake: usimwage maji juu ya unga.

Katika kupima mabaki kuna mtego mwingine, ambao pengine unachekesha. Klorini inayobaki baada ya kupambana na uchafu imegawanyika sehemu mbili: iliyofungwa na uchafu na ambayo bado haijafungwa, na hii ya pili ndiyo inayoua vijidudu. Kiingereza huiita kwa neno ambalo pia lina maana ya bila malipo. Klorini ya bure iliyobaki, kwa masikio ya Mswahili, ni ya kugawiwa sokoni, au mbaya zaidi ni klorini isiyofaa kitu, kwani bure ina maana zote mbili. Istilahi ya klorini huru inakubalika, na inalingana na Kifaransa walichosomea wauguzi. Kwa karatasi ya kubandikwa ukutani ningependelea klore iliyobaki na nguvu. Inafaa hapo mtafsiri aongeze onyo ambalo matini chanzi nyingi haziliweki: klorini ikizidi mno, huichubua rangi ya DPD, na kichupa kikaonekana cheupe kana kwamba hamna kitu. Anayesoma tu kwamba pasipo rangi pana upungufu ataongeza dozi nyingine. Pua yake ingemwambia kweli, na akiichanganya sampuli na maji yasiyo na klorini rangi itajitokeza.

Tarakimu nazo zina lugha. Wakongo wengi, hata wanapozungumza Kiswahili, huhesabu kwa Kifaransa, na Kifaransa hutenga sehemu za kumi kwa mkato mahali ambapo Kiingereza huweka nukta. Tangi la lita elfu moja likiandikwa kwa mtindo wa Kiingereza kama 1,000, mtu aliyezoea Kifaransa anaweza kulisoma kama lita 1 kamili. Wakati wa Ebola utata huu ulikuwa na uzito wake, kwa sababu vituo vilitumia nguvu mbili sambamba: 0.05 kwa mikono na 0.5 kwa vifaa, sakafu na uchafu wa mgonjwa. Katika ndoo ya lita 20 ya kwanza ni kijiko kimoja cha unga, ya pili ni vijiko 10. Tofauti ni sifuri moja, inayotajwa kwa sauti mara nyingi kwenye simu mbaya au redio. Ndiyo maana majina yaliwafaa wafanyakazi kuliko tarakimu: maji ya mikono, maji ya vifaa. Tarakimu iandikwe kwenye karatasi, lakini ndoo ipewe jina.

Mwaka 2019 shirika la Watafsiri Wasio na Mipaka lilichunguza habari za Ebola zilivyopokelewa Goma na Beni, likakuta kwamba Kifaransa na Kiswahili sanifu viliwaacha watu wengi nje, na kwamba walitaka maelezo kwa Kiswahili chao wenyewe. Wanaisimu wa vyuo vikuu wangeweza kulisema hilo mapema zaidi, lakini maandishi yetu mengi yalikuwa juu ya fonolojia. Sitaki kudai kwamba usanifu hauna kazi. Karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili cha Sake pekee haitamfaa mwenzetu atokaye Bujumbura au Kigoma aliyekuja kusaidia, na katika mashirika haya wenzetu hao wapo. Ninachokiona katika matini zilizo nzuri ni kwamba mifupa yake ni sanifu, yaani vitenzi na ngeli, na majina ya vyombo na dawa ni ya mahali.

Wanaofanya kazi hii kwa makini wana jaribio moja ambalo halimo katika nadharia za tafsiri zinazofundishwa darasani. Humpa karatasi mtu ambaye hajawahi kuchanganya klorini, wakamwekea ndoo, kijiko na chumvi badala ya unga, wakanyamaza. Mikono yake huonyesha alichoelewa. Akisimama na kutazama juu, sentensi aliyofikia ndiyo ya kuandikwa upya.

Liko neno moja ambalo hata jaribio hilo haliligundui kwa urahisi. Miongozo husema kwamba kama maji yanapitisha mwanga tumia dozi moja, na kama yana tope tumia mara mbili, au bora yachujwe kwanza. Kiingereza kina neno moja kwa maji yanayoonekana hadi chini na jingine kwa maji yasiyo na ugonjwa. Sisi tuna safi kwa yote mawili. Agizo linaloanza na maneno kama maji ni safi linamfanya msomaji mwenye akili aulize mara moja kwa nini basi atie dawa, na huenda asitie. Maji ya Ziwa Kivu siku ya jua hung'aa hata ukaona mawe chini yake, na humo ndimo watu wa ufukweni wamechota kipindupindu tangu miaka ile ya 1970. Maji maangavu lingekuwa jina zuri, lakini Kirotshe sijalisikia mtoni wala kisimani. Kwa sasa wenzetu huandika kirefu: kama unaona chini ya ndoo, weka dozi moja, kama huoni, weka mbili.